Betri za rimoti zinazojimaliza zenyewe: namna ya kuchagua, kupima na kutumia za kuchaji zinazotunza chaji

Shangazi yangu ana gesti ya vyumba tisa pale Shangani, Mtwara mjini. Kila chumba kina kiyoyozi, na kila kiyoyozi kina rimoti inayokula betri mbili nyembamba, zile zilizoandikwa AAA. Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi kwenda wa kumi na mbili, vyumba vyote hujaa wanunuzi, madereva na watu wa maghala. Miezi mingine vyumba vitatu au vinne hukaa vimefungwa wiki nyingi mfululizo, na rimoti zimelala juu ya meza.

Mwaka mmoja nilimnunulia betri za kuchaji ili aachane na zile za zinki za kutupa. Nilichagua zenye namba kubwa kabisa dukani, 1000 mAh, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba, nikazichaji zote zikajaa, nikazigawa vyumbani mwezi wa sita. Mwezi wa kumi akaingia mgeni saa tano usiku akitokea Tandahimba, kachoka, joto limeshika. Rimoti ya chumba namba saba ilikuwa kimya. Kioo hakionyeshi hata namba moja. Asubuhi shangazi akaniita.

"Mwanangu, hizi betri si ulizichaji wewe mwenyewe?"

"Ndiyo shangazi, nilizichaji zikajaa."

"Sasa nani kazitumia, na chumba kilikuwa kimefungwa?"

Hakuna aliyezitumia. Zilijimaliza zenyewe zikiwa zimekaa. Mwongozo huu unafuata swali lake: kwa nini betri za kuchaji za kawaida hujimaliza, kwa nini zipo aina nyingine zisizofanya hivyo, na namna ya kuzipata, kuzijaribu na kuziweka kwenye rimoti.

Hatua ya kwanza: jua rimoti inakula kiasi gani

Watu wengi hudhani betri ikiisha kwenye rimoti ni kwa sababu rimoti imebonyezwa sana. Hebu tupige hesabu ya rimoti moja ya kiyoyozi. Ikiwa imelala tu, kioo chake na saa yake ya ndani huvuta umeme mdogo mno, tuseme 0.01 mA. Kwa saa 24 hiyo ni 0.24 mAh, na kwa mwezi ni kama 7 mAh. Mgeni akibonyeza mara 30 kwa siku, kila bonyezo likituma mwanga kwa theluthi ya sekunde hivi, taa ile ya mbele ikivuta wastani wa 20 mA, mabonyezo yote ya mwezi mzima hayafiki 2 mAh. Jumla ni 9 mAh kwa mwezi. Rimoti ya televisheni isiyo na kioo hula pungufu ya hapo ikilala, na zaidi kidogo ikiwa kuna watoto.

Sasa linganisha. Betri ya kuchaji ya kawaida ya Ni-MH hupoteza kati ya asilimia 20 na 30 ya chaji yake kwa mwezi ikiwa imekaa bila kazi, na sehemu kubwa ya upotevu huo hutokea siku za mwanzo, mara tu inapotoka kwenye chaja. Joto huongeza kasi: kwa kadirio la kawaida, kila nyuzi 10 zinapoongezeka, upotevu unakaribia kuwa mara mbili. Chumba kilichofungwa madirisha hapa Mtwara, bati likiwa limepigwa jua tangu saa tatu, si mahali pa baridi. Kwa hiyo nachukua asilimia 30.

Betri ya 1000 mAh ikijaa leo, baada ya mwezi inabaki na kama 700. Mwezi wa pili, 490. Wa tatu, 340. Wa nne, karibu 240. Katika miezi hiyo minne rimoti yenyewe imekula 36 mAh tu. Yaani kilichopotea bure ni zaidi ya mara ishirini ya kilichotumika. Betri za chumba namba saba zilimalizwa na kukaa, siyo na mgeni.

Ndiyo maana namba kubwa niliyoifuata dukani haikunisaidia. Kwa kifaa kinachokula kidogo kwa muda mrefu, usiulize betri inabeba kiasi gani ikitoka kwenye chaja. Uliza inabaki na kiasi gani baada ya miezi sita.

Kinachoendelea ndani ya betri

Ukiifungua betri ya Ni-MH (usiifungue, maji yake huunguza ngozi na macho) utakuta mabamba mawili membamba yamekunjwa pamoja kama mkeka. Moja ni la nikeli. La pili ni la aloi, mchanganyiko wa metali wenye tabia ya kushika haidrojeni ndani yake. Katikati yake kuna kitambaa chembamba kinachoyatenganisha yasigusane, na vyote vimeloa maji makali ya potasiamu.

Katika betri za kawaida mambo mawili hufanya chaji ipotee. La kwanza ni mabaki ya naitreti yanayosalia tangu kiwandani. Hayo husafiri ndani ya yale maji: yakifika kwenye bamba la aloi hugeuzwa kuwa amonia, yakirudi kwenye bamba la nikeli hugeuzwa tena, na kila safari huchukua chaji kidogo upande mmoja na kwenda kuimaliza upande wa pili. Ni kama mtu anayehamisha maji kwa kikombe kutoka pipa lililojaa kwenda lililo tupu, usiku na mchana, bila kuchoka. La pili ni kwamba chembe za kobalti na manganizi hutoka kwenye aloi taratibu na kuganda ndani ya kile kitambaa, zikitengeneza vijia ambavyo umeme hupita kimyakimya. Hili la pili huongezeka kadiri betri inavyozeeka, na ndiyo sababu betri ile ile iliyokuwa nzuri mwaka wa kwanza hujimaliza kwa wiki mbili mwaka wa tatu. Halafu ukizingatia kwamba ili kupata namba kubwa kiwanda huweka kitambaa chembamba zaidi, kipate nafasi ya mabamba manene, unaelewa kwa nini zenye mAh nyingi ndizo mara nyingi zinazojimaliza haraka.

Mwaka 2005 kampuni ya Sanyo ya Japani ilitoa sokoni betri za Eneloop, na baadaye viwanda vingine vikafuata mtindo huo. Kemia ni ile ile ya Ni-MH. Kilichobadilika ni kwamba kitambaa kimetiwa dawa ya salfa inayoikamata ile amonia isiendelee kusafiri, na aloi imetengenezwa upya ili zile chembe zisitoke ovyo. Gharama yake ni ujazo mdogo: AAA za aina hii huandikwa 750 au 800 mAh badala ya 1000. Faida yake ni kwamba baada ya mwaka mzima kwenye joto la nyuzi 20 hubaki na asilimia 70 hadi 85 ya chaji. Kwa joto letu napiga hesabu ya kupoteza asilimia 30 kwa mwaka, ili nisijidanganye.

Rudia hesabu ya chumba namba saba kwa betri ya 750. Mwaka mzima inajimaliza kama 225. Rimoti inakula 9 mara miezi 12, ambayo ni 108. Mwisho wa mwaka bado kuna zaidi ya 400 mAh ndani. Ile ya 1000 ilishapita hapo kwenye mwezi wa tatu.

Hatua ya pili: itambue dukani

Hapa ndipo fedha hupotea, kwa sababu kwa sura zinafanana. Tazama mambo haya ukiwa umeishika mkononi.

Kwanza, lazima iandikwe Ni-MH. Ikiwa Ni-Cd ni aina ya zamani yenye kadimiamu, iache. Pili, kwenye pakiti pawe na maelezo kwamba imeshachajiwa kiwandani na iko tayari kutumika. Hii ndiyo alama kubwa. Betri ya kawaida haiwezi kuuzwa hivyo, kwa sababu ingefika dukani ikiwa tupu. Zinazotunza chaji husafiri, hukaa ghalani na rafuni, na bado zinafika na chaji ya kutosha. Tatu, tazama namba. Kwa AAA, 700 hadi 850 ni ya kuaminika. Ukikuta AAA imeandikwa 1800 au zaidi, namba hiyo ni ya uongo. Hakuna Ni-MH ya saizi hiyo inayofika huko. Kwa zile nene za AA, tafuta 1900 hadi 2100.

Kama muuzaji ana mzani wa dhahabu au wa viungo, muombe. AAA ya kweli ina gramu 12 hadi 13, na AA kama 27. Bandia nilizowahi kupima zilikuwa nyepesi waziwazi, unahisi hata kabla ya mzani.

Ukiwa na mita ya fundi, pima hapo hapo kaunta. Betri iliyotoka kwenye pakiti isome volti 1.25 au zaidi. Ikisoma chini ya 1.1 ama ni ya kawaida, ama imekaa miaka, ama ni bandia. Kwa vyovyote irudishe rafuni.

Hatua ya tatu: ijaribu mwenyewe kabla ya kuigawa vyumbani

Volti peke yake haisemi mengi. Ni-MH hushikilia karibu 1.2 hadi 1.3 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, hivyo betri yenye robo na yenye robo tatu zinaweza kusoma karibu sawa. Njia ya uhakika ni kuimaliza kwa kipimo na kuhesabu saa. Vifaa ni vya bei ndogo: mita, na rezista ya omu 10 ambayo fundi wa redio atakupa, ile yenye mistari ya kahawia, nyeusi, nyeusi. Mimi nilichomoa vyuma vya rimoti iliyokufa, nikavifunga kwenye betri kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, rezista ikiungwa kutoka chanya hadi hasi.

Chukua mbili za kawaida na mbili zinazotunza chaji. Zichaji zote siku moja zijae. Ziandike namba kwa kalamu isiyofutika, ziweke kwenye droo kwa miezi mitatu. Usijaribu baada ya mwezi mmoja, maana wakati huo ya 1000 iliyopoteza 300 na ya 750 iliyopoteza kidogo zitakupa saa zinazokaribiana, nawe utadhani nimekudanganya.

Miezi mitatu ikifika, unga rezista kwenye betri moja na utazame saa. Itavuta kama 120 mA. Pima volti kila nusu saa. Ikishuka chini ya 1.15 anza kupima kila dakika kumi, kwa sababu mwisho huja kwa kasi. Ikifika 1.0 chomoa, na uandike muda. Zidisha saa kwa 120 upate mAh zilizokuwemo.

Zangu za 750 zilikwenda saa 5 na dakika 40 moja, na saa 5 na nusu ya pili. Hiyo ni karibu 680 na 660, baada ya miezi mitatu ndani ya droo ya mapokezi isiyo na feni. Za kawaida za 1000, zilizokuwa na mwaka mmoja na nusu wa kazi, moja ilikwenda saa 3 na dakika 20, kama 400 mAh. Ya pili ilikwenda saa 1 na robo tu. 150 mAh.

Tofauti hiyo kati ya pacha wawili ndiyo iliyonifungua macho. Rimoti huziunga betri mbili mfuatano, na nyingi huendelea kufanya kazi mpaka jumla ikaribie volti 2. Betri moja ikiisha kabisa, hata mwenzake akiwa na nusu, jumla inaanguka na rimoti inazima; huenda ndivyo ilivyozima ile ya chumba namba saba, ingawa kwa hesabu yangu zilipaswa kubaki na kama 200 kila moja. Kwa hiyo jozi ina nguvu ya yule dhaifu, na kujimaliza hakuendi sawa kwa zote: kila betri ina vijia vyake ndani. Baya zaidi, ile dhaifu ikibaki humo wiki nyingi ikiwa tupu, yenye nguvu huanza kuisukumia umeme kinyume, na hapo inaharibika moja kwa moja. Ukiitia kwenye chaja ya kisasa, chaja inapepesa taa nyekundu na kuikataa.

Hatua ya nne: chaji bila kuiunguza

Zikitoka kwenye pakiti unaweza kuziweka moja kwa moja kwenye rimoti. Baadaye, chaja bora ni ile inayochaji kila betri peke yake na kukata yenyewe ikijaa. Chaja inayolazimisha betri mbili mbili kwa taa moja haijui kama mmoja kajaa na mwenzake bado.

Nyingi zinazouzwa hapa ni za aina nyingine mbili. Kuna zisizokata kabisa. Hizo pigia hesabu. Chukua mAh ya betri, zidisha kwa 1.4, gawanya kwa mA iliyoandikwa mgongoni mwa chaja. Betri ya 750 kwenye chaja ya 150 mA: 750 mara 1.4 ni 1050, gawanya kwa 150, ni saa 7. Tega kengele ya simu. Na kuna zinazokata kwa taima ya ndani. Hizi zina hatari ambayo maelekezo ya kwenye boksi hayaitaji: umeme ukikatika na kurudi, taima huanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Betri iliyobakiza saa moja kujaa inapewa saa nane nyingine. Nimekuta betri za moto kiasi cha kushindwa kuzishika, plastiki yake imekunjamana. Kwa hiyo chaji mchana ukiwepo, na umeme ukikatika, chomoa na uhesabu mwenyewe saa zilizobaki.

Betri kuwa vuguvugu mwishoni ni kawaida. Ikiunguza vidole, itoe. Chaji kwenye kivuli, sakafuni, siyo dirishani.

Hatua ya tano: iweke kwenye rimoti

Fungua kifuniko na utazame springi kabla ya kitu chochote. Rimoti zilizokuwa na betri za zinki mara nyingi zina ukoko wa kijani au mweupe, kwa sababu kopo la betri ya zinki lenyewe ndilo linaloliwa linapofanya kazi, likitoboka maji hutoka. Kwa unyevu na chumvi ya upepo wa hapa, springi haikai. Kwangua kwa kijiti cha kiberiti, futa kwa kitambaa chenye siki kidogo kisha chenye spiriti, acha ikauke. Betri njema kwenye springi chafu itaonekana mbovu.

Weka jozi zilizonunuliwa pamoja na kuchajiwa pamoja. Mimi huandika herufi ya jozi na mwezi: A-9, B-9, na kuendelea. Usichanganye ya kuchaji na ya kutupa hata kwa usiku mmoja.

Kisha jaribu kutoka mbali. Betri hizi mbili hutoa kama volti 2.5 badala ya 3 za betri mpya ya kutupa, na rimoti chache hazipendi. Utaona kioo cha rimoti ya kiyoyozi kimepauka, au inashika ukiwa karibu tu. Kati ya tisa za shangazi, moja ndiyo iliyogoma, ya kiyoyozi cha zamani kabisa. Hiyo tumeiachia betri za kutupa za alkalini, na hakuna ubaya.

Nami niseme wazi kuhusu alkalini: rimoti moja ya televisheni sebuleni, yenye alkalini nzuri, itakaa mwaka au zaidi, na kununua chaja kwa ajili yake peke yake hakulipi haraka. Hesabu hubadilika ukiwa na rimoti nyingi kama gesti, zahanati au ofisi, au ukiwa umechoka kukwangua springi.

Ratiba

Sisi huchaji zote mara moja kwa mwaka, wiki ya mwisho ya mwezi wa tisa, kabla minada ya korosho haijaanza. Jozi mbili za akiba hukaa zimejaa kwenye droo ya mapokezi, na binti wa mapokezi anajua kubadilisha. Kila mwaka wa pili narudia jaribio la rezista kwa jozi moja tu. Ikishuka chini ya saa 4 ikiwa imetoka kwenye chaja siku hiyo hiyo, jozi hiyo naitoa.

Zile za 1000 hazikutupwa. Zipo kwenye tochi ya mlinzi, inayotumia AAA tatu. Yeye huiwasha kila usiku mpaka alfajiri na kuzichaji kila asubuhi, na kwa kazi ya namna hiyo zile mAh nyingi ni zake kweli, maana hazipati hata siku mbili za kukaa bure.